Nani Anazungumza na Mke wa Mlevi? Uhakiki wa Vitabu Vitatu Kuhusu Familia na Uraibu wa Pombe kwa Kuzingatia Msomaji wa Ikuti, Rungwe

Ikisiri

Makala hii inahakiki maandishi matatu ambayo ndugu wa mtu mwenye uraibu wa pombe anaweza kuyaendea ili aelewe na asaidie: riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), sura iliyoandikwa kwa ajili ya wake katika kitabu kikuu cha chama cha Walevi Wasiojulikana (1939), na mwongozo wa Robert Meyers na Brenda Wolfe (2004). Kila andiko linapimwa kwa swali moja: je, mwanafamilia wa kata ya Ikuti, wilayani Rungwe, anaweza kulifanyia kazi nyumbani kwake? Makala inahoji kwamba riwaya inaeleza madhara bila kutoa njia, sura ya mwaka 1939 inampa mke uvumilivu bila kumpa zana, na mwongozo wa mwaka 2004 unatoa zana bora zaidi lakini zimetengenezwa kwa nyumba isiyofanana na ya Unyakyusa. Inapendekezwa kwamba mwongozo huo usomwe kwa kuongozwa na dhana ya Kinyakyusa ya ukwangala.

1.0 Utangulizi

Mwanafamilia anayetafuta kitabu kwa sababu ya ndugu yake anayekunywa huwa na maswali matatu, hata kama hayatamki kwa mpangilio. Kwa nini anakunywa hali anaona anavyoharibikiwa? Sisi tufanye nini? Na mimi mwenyewe nitaishije wakati yeye hajabadilika? Kitabu kinachojibu swali la kwanza peke yake humwacha msomaji na huzuni yenye elimu. Kinachojibu la pili bila la kwanza humpa amri asizozielewa. Kinachoruka la tatu humgeuza msomaji kuwa chombo cha kumtibia mtu mwingine.

Tatizo la kwanza kwa msomaji wa Kiswahili ni la msamiati. Neno lililozoeleka ni mlevi, nalo hubeba mambo mawili kwa pamoja: mtu aliyelewa sasa hivi na mtu ambaye kulewa ndiyo tabia yake. Neno uraibu, ambalo zamani lilihusishwa zaidi na tambuu na tumbaku, sasa linatumiwa na wataalamu wa afya kumaanisha hali ya mwili na akili kutegemea kilevi hata mtu ashindwe kukiacha kwa kutaka tu. Tofauti hiyo ina uzito wake. Mlevi hukaripiwa, mraibu hutibiwa. Familia inayotumia neno la kwanza peke yake hutafuta maneno makali zaidi ya kumwambia, na maneno yakiisha huona kwamba kila njia imejaribiwa.

Ikuti imechaguliwa kuwa mahali pa kupimia vitabu hivi kwa sababu mbili. Kwanza, ni jamii ya wakulima wa milimani ambako ndizi, mahindi na ng'ombe wa maziwa ndivyo vinavyoendesha nyumba, na ambako pombe za kienyeji, kama kimpumu cha ulezi na komoni, hutengenezwa na kuuzwa na majirani, mara nyingi wanawake wanaotafuta ada ya watoto. Pili, Unyakyusa umeandikwa kwa kina na wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao huko katika miaka ya 1930, na maandishi hayo yanatoa dhana ya kienyeji inayosaidia kusoma vitabu vya wageni kwa jicho la ndani.

2.0 Mlevi kama sifa ya mhusika: Rosa Mistika

Riwaya ya Kezilahabi imewekwa Ukerewe. Zakaria, baba yake Rosa, ni mwalimu wa zamani aliyepoteza kazi kwa sababu ya ulevi. Mkewe Regina ndiye anayeibeba nyumba. Ukali wa Zakaria kwa binti yake, pamoja na kipigo anachompa kwa sababu ya barua ya mvulana, ndio chanzo kimojawapo cha maangamizi ya Rosa baadaye. Kwa hiyo kitabu hiki kinafundisha jambo ambalo miongozo mingi hulisema kwa juu juu: madhara ya pombe hayamfikii mtoto kwa umaskini pekee, bali pia kwa mamlaka iliyoharibika. Baba aliyepoteza heshima nje huidai kwa nguvu ndani. Msomaji wa Ikuti mwenye kaka au baba wa namna hiyo atamtambua Zakaria bila kuelezwa.

Hata hivyo riwaya humwonyesha Zakaria zaidi kwa macho ya wale anaowaumiza. Msomaji anajua anachoharibu kuliko anavyojua anachokipata katika pombe. Huo si upungufu wa kisanaa, kwa kuwa riwaya ni ya Rosa na haikukusudiwa kuwa mwongozo. Upungufu unaanzia katika namna riwaya inavyosomwa. Uhakiki wa shuleni humweka Zakaria katika orodha ya sifa za wahusika: ni mlevi, ni mkali, hajali familia. Ulevi ukishaandikwa kuwa sifa, sawa na urefu au weupe, hauulizwi tena sababu zake, nyakati zake wala mwendo wake. Regina naye huandikwa kuwa mvumilivu, na uvumilivu huo husifiwa.

Mwanafunzi aliyejifunza kusoma hivyo atakapokuwa na mume au shemeji anayekunywa, atakuwa na ramani yenye alama mbili tu: mlevi asiyebadilika na mke anayestahimili. Usomaji wenye manufaa zaidi ungeuliza maswali mengine juu ya Zakaria huyohuyo. Kupoteza kazi ya ualimu kulimwondolea nini, mbali na mshahara? Ni nani katika nyumba ile aliyeweza kumwambia neno akalisikia? Je, uvumilivu wa Regina ulipunguza unywaji, ulimpa nafasi ya kuendelea, au haukuhusiana nao kabisa? Maswali hayo riwaya haiyajibu, lakini yanaiandaa akili ya msomaji kwa kitabu kinachojaribu kuyajibu.

3.0 Sauti ya mke iliyoandikwa na mume: sura ya mwaka 1939

Kitabu kikuu cha chama cha Walevi Wasiojulikana, kilichochapishwa Marekani mwaka 1939, kina sura ya nane inayoelekezwa kwa wake wa walevi. Ina sifa ya kihistoria isiyopaswa kudharauliwa. Inamwambia mke kwamba mumewe ni mgonjwa, na kwamba wako wengine waliopita njia hiyo. Inagawa waume wanywaji katika makundi manne kulingana na hatua waliyofikia, ili msomaji atambue wake yuko wapi. Kwa mwanamke aliyekuwa akiaibika peke yake, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini sura hiyo inazungumza kwa nafsi ya kwanza wingi, kana kwamba ni wake wenyewe wanaosimulia, ilhali mwandishi wake ni Bill Wilson, mwanzilishi mwenza wa chama na yeye mwenyewe mume aliyekuwa mlevi. Mkewe, Lois, hakuiandika. Ukweli huu unaeleza mkazo wa sura. Mke anaelekezwa asiwe na hasira, asimsonge mume, amsubiri, aifanye nyumba iwe ya furaha. Hayo ni mambo ambayo mume anayekunywa angependa mkewe aambiwe. Mashauri mengine ni ya busara, lakini mzani wake umeinamia upande mmoja, kwa kuwa anayeamua nini ni msaada ndiye anayesaidiwa.

Lois Wilson alikuja kushiriki kuanzisha chama cha familia, Al-Anon, mwaka 1951. Chama hicho kiligeuza swali. Badala ya kuuliza jinsi ya kumfanya mlevi aache, kiliuliza jinsi jamaa yake atakavyopata amani hata kama mlevi haachi. Msingi wake ni kwamba jamaa hakusababisha uraibu na hawezi kuudhibiti. Kwa hiyo Al-Anon inajibu vizuri swali la tatu kati ya yale yaliyotajwa mwanzoni, na kwa makusudi inaliacha la pili.

Kwa msomaji wa Ikuti, sura ya mwaka 1939 ina hatari ya kuungana na usomaji wa Regina uliotajwa hapo juu. Mila, mahubiri, riwaya kama inavyofundishwa, na sasa kitabu cha kigeni, vyote vinamwambia mwanamke jambo moja: vumilia. Kitabu kinachorudia anachokijua hakimsaidii, hata kikiwa na maneno mapya.

4.0 Ramani ya unywaji: mwongozo wa Meyers na Wolfe

Mwaka 2004 Robert Meyers na Brenda Wolfe walichapisha mwongozo ambao jina lake likifasiriwa linamwahidi msomaji njia mbadala za kusumbua, kusihi na kutishia. Msingi wake ni mbinu iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Nathan Azrin na wenzake tangu miaka ya 1970. Hoja yake ni rahisi: mtu huendelea kunywa kwa sababu pombe inampa kitu, na ataacha iwapo maisha bila pombe yatampa zaidi. Anayeweza kuyabadili maisha hayo ya kila siku kidogo kidogo si daktari anayemwona mara moja kwa mwezi, bali mtu anayekula naye.

Mbinu hiyo imepimwa. Mwaka 1999 William Miller, Meyers na Scott Tonigan walichapisha matokeo ya utafiti wa jamaa 130 ambao ndugu zao walikuwa wakikataa matibabu. Waliofundishwa mbinu hii walifanikiwa kuwaingiza ndugu zao katika matibabu kwa asilimia 64. Walioandaliwa kumkabili mlevi kwa mkutano wa ghafla wa familia walifanikiwa kwa asilimia 30, na walioongozwa kujiunga na Al-Anon kwa asilimia 13. Tarakimu hizo zisomwe kwa haki. Al-Anon haikuundwa kumpeleka mlevi hospitalini, hivyo kuipima kwa kigezo hicho ni kuipima kwa kazi isiyo yake. Tena asilimia 64 ni ya kuanza matibabu, si ya kupona. Pamoja na hayo, zinaonyesha kwamba kati ya kunyamaza na kukaripia ipo njia ya tatu inayofanya kazi.

Njia hiyo huanza na ramani ya unywaji. Jamaa huandika, bila kumshtaki mtu, mambo matano kwa kila siku ndugu anapokunywa: alikuwa wapi na nani, nini kilitangulia, alikunywa nini na kiasi gani, alipata nini papo hapo, na alipoteza nini baadaye. Ramani ya pili huandikwa kwa siku ambazo hakunywa, na mara nyingi hiyo ndiyo yenye mafunzo zaidi, kwa sababu inaonyesha kinachoshindana na pombe na kushinda.

Kutokana na ramani, jamaa hufanya mambo mawili yanayotegemeana. La kwanza ni kutoa kitu kizuri wakati ndugu hajanywa, na kukiondoa kwa utulivu anapokuwa amekunywa: chakula cha pamoja, mazungumzo, kicheko na watoto. La pili ni kuacha kuzuia hasara za kawaida zinazotokana na pombe, kama kulipa deni lake au kumtungia udhuru. Mazungumzo nayo yana kanuni zake: yawe mafupi, yaanze na jambo jema, yaeleze hisia za msemaji badala ya kosa la msikilizaji, yaonyeshe kumwelewa, na yakubali sehemu ya wajibu.

5.0 Ramani ikisomwa Ikuti

Ili kuona uwezo na mipaka ya mwongozo huu, ichukuliwe nyumba ya mfano. Mume ana umri wa miaka 45, ana migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Mkewe ameshuku kwa muda mrefu kwamba anakunywa kila siku. Anapoandika ramani kwa wiki mbili anaona kwamba amekunywa siku 8 kati ya 14. Siku 5 kati ya hizo ni siku alizouza ndizi na kupokea fedha mkononi, akiwa hajala tangu asubuhi. Siku 2 zilikuwa za msiba kwa jirani. Siku moja ilifuata ugomvi na kaka yake juu ya mpaka wa shamba. Katika siku 6 alizokaa bila kunywa, 4 alikuwa na kazi ya pamoja na wanaume wenzake, au alikuwa akimhudumia ng'ombe mgonjwa. Hakuna hata siku moja aliyokunywa peke yake.

Ramani hiyo tayari imemsaidia mke kwa jambo moja: kilichoonekana kuwa sifa ya mtu sasa kinaonekana kuwa mwendo wenye saa na mahali. Lakini hapa ndipo mwongozo unapoanza kupungukiwa. Meyers na Wolfe wanamwona mnywaji kama mtu mwenye nyumba upande mmoja na baa upande mwingine. Familia inaimarisha upande wa nyumba hadi ushinde. Unyakyusani upande wa pili si baa, bali ni wenzake.

Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa, aliiweka dhana ya ukwangala katikati ya maelezo yake. Ukwangala ni kufurahia kuwa pamoja na wenzako: kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao kwa usawa. Kwa mujibu wa maelezo yake, halikuwa jambo la starehe tu, bali la maadili. Mwanamume aliyekula peke yake na mkewe na kuwakwepa wenzake alitiliwa shaka. Vijiji vya rika kama alivyovieleza Wilson vimebadilika sana, lakini wazo kwamba mtu mwema haonekani akijitenga bado linaeleweka. Kwa hiyo, mwongozo unapomshauri mke aandae jioni nzuri ya watu wawili ili ishindane na kilabu, unamshauri amtoe mumewe katika jambo ambalo jamii inaliita wema. Mume anaweza kuikubali jioni ya kwanza. Jioni ya tatu ataitwa mtu anayefungiwa na mkewe.

Usomaji unaozingatia ukwangala hauikatai ramani, bali unaisoma kwa undani zaidi. Kitu anachokipata mume kilabuni ni wenzake kwanza na pombe baadaye, na siku 4 za kazi ya pamoja zinathibitisha kwamba anaweza kuwapata wenzake bila pombe. Kwa hiyo kinachopaswa kushindana na kilabu ni wenzake walewale mahali pengine: kazi ya zamu katika mashamba inayomalizika kwa chakula, au rafiki mmoja asiyekunywa sana anayealikwa kufika siku ya kuuza ndizi kabla giza halijaingia. Njaa nayo ionekane: mtu aliyekula ndizi na maharage kabla ya kushika fedha huingia jioni akiwa na hali tofauti na aliyeshinda tumbo tupu. Na fedha zenyewe zinaweza kugawanywa kwa makubaliano yaliyofanyika siku asiyokunywa, ili ada na chumvi vitoke kabla hazijafika mkononi mwake zote.

Tatizo la pili ni la mtu wa kuzungumza. Mwongozo unadhani anayesoma ndiye atakayesema. Wilson alieleza jinsi mwiko wa kuepukana kati ya mke na baba mkwe ulivyokuwa mkali kwa Wanyakyusa, na heshima hiyo, hata ilipolegea, haijaondoka. Kama anayekunywa ni baba mkwe, hakuna kanuni ya mazungumzo itakayomwezesha mkamwana kumweleza hisia zake ana kwa ana. Anaweza kuandika ramani, kwa kuwa yeye ndiye anayeona kila siku, lakini msemaji awe mwingine: ndugu wa rika lake, dada yake mkubwa, au mzee wa kanisa anayemheshimu. Kazi ambayo kitabu kimempa mtu mmoja inabidi igawanywe kwa wawili, na huyo wa pili afundishwe kanuni zilezile, vinginevyo atakwenda kukaripia na kuuharibu mwezi mzima wa subira.

Tatizo la tatu ni deni. Kitabu kinasema jamaa asilipe deni la pombe, na hoja yake ni sahihi: anayelipiwa hana sababu ya kuhesabu. Lakini muuza komoni si kampuni isiyo na sura. Huenda ni jirani, mjane, au shangazi wa mume, na fedha hizo ndizo ada ya mtoto wake. Kukataa kulipa bila taarifa ni kumdhulumu. Njia inayofaa ni kutangulia: familia inalipa la zamani mara moja, kisha inamwarifu muuzaji kwa heshima kwamba kuanzia siku fulani deni jipya ni la mnywaji mwenyewe. Nyumba ambayo mke mwenyewe hupika pombe ya kuuza ina ugumu zaidi, na hakuna kati ya vitabu vitatu kinachoitazama. Hapo hatua ya kwanza haiko katika mazungumzo wala katika ramani, bali katika kutafuta bidhaa nyingine ya kuuza au mahali pengine pa kupikia.

6.0 Mahali ambapo kusoma vibaya kunaweza kuua

Uhakiki wa vitabu vya aina hii haukamiliki bila kutaja madhara yanayoweza kutokea msomaji akitii nusu ya kitabu. Madhara mawili ndiyo makubwa.

La kwanza ni kumwachisha pombe kwa ghafla mtu ambaye mwili wake umeshaitegemea. Familia iliyopata moyo kutokana na kitabu inaweza kumfungia ndugu ndani ili pombe imtoke. Kwa anayekunywa sana kila siku, kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege inaweza kutokea ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 baadhi huingia katika hali ya kuweweseka, kuona visivyokuwapo, homa na moyo kwenda mbio, na hali hiyo huua ikiachwa bila tiba. Ishara ya kumtambua mtu wa namna hii kabla ya hatari ni mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia baada ya kunywa, au historia ya degedege alipowahi kuacha. Mtu huyo haachishwi nyumbani. Hupelekwa hospitalini, kwa mfano hospitali ya wilaya iliyoko Tukuyu, ambako dawa za kutuliza na vitamini B1 hutolewa kwa uangalizi, na akihitaji wataalamu wa afya ya akili hupewa rufaa kwenda Mbeya. Hapa Zakaria wa riwayani na mume wa mfano wanatofautiana: anayekunywa siku 8 kati ya 14, bila kutetemeka siku anazokosa, hayuko katika hatari ileile.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa Meyers na Wolfe wa kuitayarisha tiba kabla ya kuipendekeza una thamani mara mbili. Wakati mzuri wa kumtajia ndugu matibabu ni pale anapojuta mwenyewe, na dirisha hilo hufungwa haraka. Familia inapaswa iwe imeshajua siku ya kliniki, nauli na nani atakayemsindikiza, ili safari ianze kesho yake na isingoje mwezi ujao.

La pili ni ukatili. Kumwondolea mtu mkali vitu alivyozoea, hata kwa utulivu, kunaweza kumchochea apige. Meyers na Wolfe wanaliweka suala la usalama mbele ya mbinu zote, lakini msomaji mwenye haraka huruka sura hiyo. Anayeishi na mtu anayempiga anapaswa kwanza awe na nyumba ya kukimbilia usiku, fedha kidogo na nyaraka za watoto mahali pengine, na ajue lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mbinu ya kuondoa mema haimfai mpaka hayo yawepo. Hapa Rosa Mistika inarudi kuwa na faida kuliko mwongozo wowote, kwa kuwa inaonyesha gharama ya kuchelewa bila kuificha.

7.0 Hitimisho

Maandishi matatu yaliyohakikiwa hayashindani. Kila moja linapungukiwa na kile ambacho jingine linacho. Kezilahabi anaonyesha jeraha na kumwachia msomaji kutafuta dawa. Sura ya mwaka 1939 inampa jamaa faraja ya kujua kwamba ni ugonjwa, lakini inamkabidhi wajibu ulioandikwa na mgonjwa. Meyers na Wolfe wanampa kalamu na ramani, nao ndio wanaofaa zaidi kufasiriwa kwa Kiswahili, kwa sharti kwamba fasiri isiwe ya maneno tu.

Fasiri itakayomfaa msomaji wa Ikuti itabadili mambo matatu. Mifano ya jioni za watu wawili iondolewe na nafasi yake ichukuliwe na kazi na chakula vya pamoja na wenzake. Kila zoezi la mazungumzo lianze kwa kuuliza nani, kwa heshima ya ukoo, anaruhusiwa kulisema. Na sura ya hatari za kuacha ghafla itangulie sura ya ramani, kwa sababu mtu hufungua kitabu kama hiki usiku ambao mambo yameshaharibika, na anaweza asifike mwisho wake kabla ya kuanza kutenda.